Nilivyojifunza Kusema "Ndoo Basi" kwa Kijerumani

Mdogo wangu alipoolewa na Mjerumani, lugha yao ilikuwa Kiingereza, na hakuna kati yao aliyekinyonya kwa mamake. Kiliwatosha kupanga safari, kulipa kodi ya nyumba na kujaza fomu. Walipokuwa pamoja hapa Mombasa hawakuhitaji zaidi, maana macho, mikono na chakula vilifanya kazi iliyobaki. Mume aliporudi Bremen kuendesha basi lake, na mke akabaki Kibokoni kungoja viza, ndipo Kiingereza kilipowaishia. Walichoandikiana kikawa kama barua za ofisi: nimefika salama, asante kwa ujumbe wako, nakutakia siku njema. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, nasoma maneno yake na simwoni ndani."

Mimi nimekaa miaka kumi na moja kwenye mapokezi ya hoteli moja upande wa Bamburi, na Kijerumani nilikiokota kwa wageni kabla sijakisomea darasani. Basi tukakubaliana. Mume aandike Kijerumani chake cha nyumbani, mke aseme Kiswahili chake cha nyumbani, na mimi niwe kivuko. Nilidhani ni kazi nyepesi, kwa kuwa nilikuwa nimeshatafsiri mambo magumu zaidi, hata malalamiko ya mgeni aliyepoteza pasi. Ujumbe wa mistari mitatu wa mtu kwa mkewe ungenishinda wapi?

Ujumbe wa kwanza shemeji alituma asubuhi, kabla hajaingia zamu. Naunakili hapa kwa ruhusa yao: "Guten Morgen, Schatz. Hab schlecht geschlafen, das Bett ist zu groß. Du fehlst mir. Pass auf dich auf. Hab dich lieb."

Nami nikautoa neno kwa neno, kwa uaminifu wa karani: "Habari za asubuhi, hazina yangu. Nimelala vibaya, kitanda ni kikubwa mno. Unakosekana kwangu. Jihadhari. Nakupenda."

Mdogo wangu alisoma, akasoma tena, uso ukabadilika. "Nijihadhari na nini? Kuna mtu kamwambia jambo?" Halafu akauliza kama kile kitanda kimekuwa ghali, maana wao ndio waliokichagua pamoja kwenye picha. Na hiyo hazina ilimpita kabisa, akadhani ni mambo ya pesa.

Hakuna neno nililokosea. Pass auf dich auf kweli ni maneno ya kujiangalia, lakini Mjerumani huyasema mlangoni, mtu akitoka kwenda dukani, kama sisi tunavyosema "haya, ujitunze". Kwetu jihadhari ina mwizi ndani yake, au gari, au mbwa. Schatz ni hazina kweli, lakini kule ni neno lililochakaa kwa kutumika. Mume humwita mkewe hivyo akimwomba chumvi. Nilikuwa nimelichukua neno la jikoni nikalivika joho.

Niliona aibu, na aibu ikanisukuma upande wa pili. Siku ya pili nikaketi na ujumbe uleule niupambe. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, nimelelewa kwenye harusi na taarabu, maneno mazuri hayanipigi chenga. Nikaandika: "Kipenzi changu cha roho, usingizi umenipaa, malazi hayalaliki, moyo wazimia kwa kukukosa." Niliridhika nao sana, nikamsomea kwa sauti.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Dada, huyu si mume wangu. Hii ni kanga."

Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu siku ile. Kanga husema kweli, na taarabu husema kweli, lakini zote mbili husemwa watu wakisikia. Mwanamke akivaa kanga yenye jina la mahaba, jina lile limeandikwa ili jirani asome, mke mwenza asome, mume naye asome akijua wengine wamesoma. Ndiyo maana maneno yake yamenyooshwa na kupigwa pasi. Ujumbe wa simu wa mtu aliyeamka peke yake una msikilizaji mmoja tu. Ukiuvalisha maneno ya hadharani, yule msikilizaji mmoja anageuka nyuma kuangalia ni nani mwingine anayezungumziwa.

Basi nikamwekea karatasi chini nikamuuliza: kama mumeo angekuwa Mswahili wa hapa, kaamka, kitanda kitupu upande wako, angekwambiaje? Asifikirie Kijerumani, asifikirie uzuri. Akanyamaza kidogo. "Angesema kitanda kimempwaya."

Neno la nguo! Shati likiwa kubwa kuliko mwili hupwaya. Mimi nisingelipata hata ningekaa wiki nzima, kwa sababu nilikuwa natafuta kwenye kabati la maneno ya mapenzi, na neno lilikuwa kwenye kabati la nguo. Na lina kipimo kilekile cha Kijerumani chake: mtu anazungumzia kitanda, hataji moyo wala machozi, na mkewe anaelewa yote.

Mstari mgumu zaidi ulikuwa Du fehlst mir. Kwa Kijerumani anayetenda ni yule asiyekuwepo. Wewe ndiye unayenipungukia, kama chumvi kwenye mchuzi. Kiswahili hakina tendo la namna hiyo analolitumia mtu asubuhi. Nimekukosa, kwa mtu wa Mombasa, ni kwamba nilikuja kwako nikaambiwa umetoka. Nakukumbuka humfanya mtu kama marehemu, au rafiki wa skuli wa zamani. Nina hamu nawe ni tamu, lakini ina mwili ndani yake, na shemeji asubuhi ile hakuwa anasema hilo. Nikawa nakataa neno moja lililokuwa linagonga mlango muda wote, kwa sababu nalionea haya kama mpenda lugha: nimekumisi.

Mdogo wangu ndilo analolisema. Humwambia mama, huwaambia shoga zake, humwambia paka akitoka safari. Ni neno la kuja, nakubali, lakini limekaa kwetu kama meza na shati, na siku hizi ndilo neno lisilo na starehe wala maonyesho. Ningeweka Kiswahili safi zaidi pale, ningekuwa nimelinda lugha na kumpoteza mume. Nikaliweka.

Kisha ile Hab dich lieb. Wajerumani wana ngazi hapa ambazo kupenda kwetu hakuzionyeshi. Ich liebe dich ni zito. Wengi huliweka kwa saa maalumu, na wako wanaoona kwamba ukilisema kila asubuhi linapungua uzito. Hab dich lieb ni jepesi na la joto, mama humwambia mtoto, rafiki humwambia rafiki, mume humwambia mkewe akiwa na haraka. Wengine huandika herufi tatu tu, hdl. Na shemeji aliacha hata ile ich ya mwanzo, kama mtu anayesema huku anavaa viatu. Kwa Kiswahili nakupenda inatosha kabisa, maana kupenda kwetu kunachukua mama, pilau, mume na bahari bila kubadili sauti. Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa kutoongeza "sana" wala "kwa moyo wangu wote". Uzito wa sentensi nao ni sehemu ya maana yake.

Ujumbe ukatoka hivi: "Umeamkaje, mke wangu? Sikulala vizuri, kitanda kimenipwaya. Nimekumisi. Ujitunze, ee? Nakupenda." Mdogo wangu hakusema kitu. Aliuficha uso kwa ncha ya leso, akaenda na simu yake jikoni. Nikajua huyu sasa ni mumewe.

Kurudi upande wa pili kulinifunza zaidi. Yeye mdogo wangu hapendi kuandika, husema, akanipa ujumbe wa sauti wa jioni. "Baba Fulani" (hapo alitaja jina la mtoto wao), "pole na kazi. Umekula? Mwenzio leo nimepika samaki wa nazi, nikakuwekea sahani kwa mazoea, nikacheka peke yangu. Ndoo basi."

Wa bara watasema ndoo ni ya kutekea maji. Kwa Kimvita ndoo ni njoo, kama ndia ilivyo njia na ndaa ilivyo njaa.

Nilijua nisirudie makosa, nikaacha mapambo yote. Bado niliangukia pua, mara hii kwenye maneno madogo. Pole na kazi niliandika Es tut mir leid wegen der Arbeit. Shemeji alipiga simu mara moja kutoka kituo cha mwisho cha basi, sauti juu: nani kamwambia nimepoteza kazi? Sentensi ile kwa Kijerumani ni ya rambirambi au ya kuomba radhi. Ukimwambia mtu inakusikitisha kuhusu kazi, kazi imekufa. Pole yetu haina mwenzake kule. Haiombi msamaha wala haileti msiba, inamwambia mtu tu kwamba nimeona umebeba mzigo. Baada ya kuhangaika nikagundua kwamba Mjerumani akitaka kusema ameona mzigo, huuliza: Langer Tag? Siku ilikuwa ndefu? Maneno mawili na alama ya kuuliza, na pole yote imo.

"Umekula?" nayo. Kavukavu, Hast du gegessen? ni swali la daktari kabla ya kupima damu, na shemeji aliwahi kuniuliza kwa upole kama mkewe anamshuku kuwa hajiwezi. Kwetu mke asipouliza umekula, kuna jambo. Nikatia maneno mawili katikati: Hast du schon was gegessen? Schon was, "tayari kitu chochote", na swali likaketi kwenye kiti, halikusimama tena na kalamu.

Mwenzio lilinikalisha siku mbili. Mtu akisema "mwenzio nimechoka", anajiita kwa jina la uhusiano wenu. Ndani ya neno moja kuna mimi, wewe, na kuwa kwetu pamoja. Kamusi ingenipa Gefährte, neno la mashujaa wa hadithi wanaopanda milima na mapanga. Kuliacha kabisa kungeiacha sentensi baridi. Nikakumbuka kwamba wageni wangu wa hotelini, wake kwa waume, walikuwa na mchezo wa kujitaja kama mtu wa tatu wakiwa na furaha: mkeo ana njaa, mumeo amepotea tena. Nikaandika Deine Frau hat heute gekocht, mkeo leo kapika. Neno silo, lakini mkono ulio begani ni uleule.

Na "basi". Hili ndilo lililonionyesha mahali pa kuangalia. Kitabu cha darasani kilinifundisha kwamba basi ni also, nami nikaandika Komm also. Kwa masikio ya Mjerumani hiyo ni "kwa hiyo njoo", kama hitimisho la kikao. Komm peke yake ni amri, kama unamwita mbwa au mtoto aliyechelewa kula. Lakini Wajerumani wana vijineno vyao, doch, mal, ja, halt, ambavyo kamusi huvitafsiri kwa shida kwa sababu kazi yake ni kuinamisha sauti ya sentensi. Komm doch ni njoo ya mtu anayejua kwamba huwezi kuja, na anakuita hivyohivyo. Hiyo ndiyo "ndoo basi". Doch na basi hazifanani kwenye kurasa zozote mbili, na hapa ni neno moja.

Tangu hapo, kabla ya kitu kingine, huchora mstari chini ya vijineno vya msemaji: basi, tu, ee, ati, jamani, wee, ile -je ya mwishoni. Majina ya mapenzi nayatafuta mwisho. Ujumbe ukiwa mkavu, mara nyingi ni kwamba kijineno kimedondoka njiani na mtafsiri hakuhisi. Ukiwa wa jukwaani, mtafsiri aliona umekauka akamwagia sukari mahali pasipo pake. Dawa ya yote mawili huwa imo kwenye silabi mbili au tatu.

Shemeji alipata hivi: "Na, du? Langer Tag? Hast du schon was gegessen? Deine Frau hat heute Fisch in Kokosmilch gekocht und dir aus Gewohnheit einen Teller hingestellt. Musste ganz allein lachen. Komm doch. Ndoo." Lile Baba Fulani niliacha. Kwetu ni heshima na mapenzi kumwita mume kwa mtoto wake, lakini kwa Kijerumani lingemfanya aonekane anasomwa kwenye orodha ya wazazi wa skuli. Na, du? lilibeba kiasi cha joto lake. Neno la mwisho niliacha kwa Kiswahili makusudi, moja tu, ili asikie sauti yake. Maneno matatu ya kigeni yangekuwa pambo. Moja lilikuwa yeye.

Kabla ya kutuma nilikuwa na desturi moja ambayo sikuiacha hata siku ya haraka. Nilimrudishia mdogo wangu kwa Kiswahili kile hasa kilichoandikwa kwa Kijerumani, si kile alichosema yeye. "Hapa nimeandika siku ilikuwa ndefu, pole haimo. Hapa nimesema mkeo kapika. Jina la mtoto halimo." Mara nyingine alikubali, mara nyingine alisema hapana, "mkeo" isitumike leo kwa sababu jana tulikwaruzana, nisimchekeshe mtu niliyemkasirikia. Alikuwa na haki. Bila kurudishiwa hivyo, mume angekuwa anampenda mke niliyemtunga mimi.

Na kuna nilichokataa kutafsiri. Ugomvi nilikataa. Maneno ya hasira yanategemea nani kanyamaza wapi, na mimi kwa kuyapooza au kuyanoa ningekuwa mtu wa tatu kwenye ndoa. Maneno ya kitandani pia nilikataa, mdogo wangu ni mdogo wangu. Kwa hayo mawili walirudi kwenye Kiingereza chao kibovu, na nadhani kiliwafaa, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenziwe anajikwaa.

Wakati wote huo alikuwa anasoma. Tangu mwaka 2007 Ujerumani humtaka mke au mume anayeomba viza ya kumfuata mwenziwe, akitoka nchi kama yetu, aonyeshe kwanza Kijerumani cha ngazi ya A1, kile cha chini kabisa. Alijifunza kujitambulisha, kuhesabu, kuuliza bei ya tikiti. Doch haikuwemo kwenye masomo yake, nikamfundisha mimi barazani, kwa mifano ya kumwita mtoto, kumwita paka, kumwita mume, kila mmoja kwa sauti yake. Alipofaulu mtihani, jumbe zilizopita kwangu zilipungua, zikawa mbili kwa wiki, zikawa moja. Sasa ilibaki yeye kwenda, na zamu ya kuitwa ilikuwa yake.

Usiku mmoja, saa nne zimeshapita, akaja kwangu mbio, buibui halijakaa vizuri, simu mkononi, macho mekundu. "Dada, soma. Ameniandikia mwenyewe kwa Kiswahili." Nikasoma. Maneno mawili tu: "Ndo basi."

Nikamuelewa kwa nini amekimbia. Ndo basi kwa msomaji yeyote wa Kiswahili ni ndiyo basi, yamekwisha, tuachane. Nikamkalisha, nikamwambia ampigie, asiandike. Simu ikalia mara moja tu. Shemeji alikuwa macho, tena na furaha: barua ya viza ilikuwa imefika upande wake, na alikuwa amekaa nusu saa akijaribu kukumbuka lile neno la mkewe linavyoandikwa. Akalisema kwa mdomo, akilivuta kama alivyolisikia kwenye ujumbe wa sauti mara zote zile. "Ndooo basi."

Mdogo wangu alijibu "Ja doch", akakaa chini sakafuni na simu sikioni, nami nikatoka nje nikawaachia chumba. Sasa yuko Bremen. Shemeji akiwa hana zamu na mkewe amechelewa kurudi nyumbani, humwandikia vilevile, kwa o moja, na hakuna anayemsahihisha.